Kikasha kinachofurika: kupanga Thunderbird kwenye skrini ndogo

Chukua ofisi ya wakala wa mizigo karibu na bandari ya Kigoma: kompyuta moja, skrini ya 1366×768, barua zinaingia kutwa kutoka Bujumbura, Kalemie na Dar es Salaam. Tangu toleo la 115 la mwaka 2023, programu ya barua pepe ya Thunderbird, ikisakinishwa upya, huonyesha barua kama kadi, na kila kadi inakula zaidi ya mstari mmoja. Kadi zinapendeza, lakini kwa kazi hii zinamaliza skrini bure. Bofya alama iliyo juu ya orodha ya barua, upande wa kulia, uchague Table View. Kisha fungua menyu ya ≡, Density, Compact. Hapo nafasi kati ya mistari inapungua bila kugusa ukubwa wa herufi, ambao una mpangilio wake wa Font Size.

Bonyeza Alt, kisha View > Layout > Classic View. Ule wa Vertical View unahitaji skrini pana. Hapa utakata vichwa vya barua katikati. F8 hufunga sehemu ya kusomea, orodha ikachukua urefu wote. Enter hufungua barua.

Safu ndizo zenye mitego. Kialama kilicho mwisho wa kulia wa mstari wa majina ya safu ndicho cha kuziongeza na kuziondoa. Mimi hubakiza kiambatisho, Subject, Correspondents na Received, naondoa Date. Sababu ni kwamba Date ni saa ya kompyuta ya aliyetuma. Ikiwa betri ya bodi yake imekufa na saa imerudi nyuma miaka kadhaa, barua ya leo itazama chini kabisa ya orodha, nawe utaapa haikufika. Received hufuata saa ya seva iliyoipokea. Bofya jina la safu hiyo ili orodha ipangwe kwa hiyo.

Ukihamia folda nyingine utakuta safu za zamani, kwa sababu kila folda hutunza mpangilio wake. Rudi kwenye kialama kilekile, Apply columns to…, halafu Folder and its children…, uchague Inbox.

Kwa paneli ya folda, bofya nukta tatu zilizo juu yake, Folder Modes, uweke alama kwenye Favorite Folders na Unread Folders. Folda unazozitumia kila siku, kwa mfano ya kila meli, ziteue kwa kubofya kulia, Favorite Folder. Ila All Folders usiiondoe. Ukibaki na Unread Folders peke yake, folda uliyomaliza kuisoma hutoweka kwenye paneli, na mwenzako wa zamu ya mchana atakupigia simu akisema barua zimefutika.