Mgeni wa kampuni akitaka risiti ya kodi, omba PIN kabla hujatoa invoisi

Hii naandikia watu wa risepsheni tunaowafundisha hapa chuoni, na wenye gestihausi za Nyali na Bamburi pia wasome. Mgeni aliyelipiwa na kampuni akisema "nipe risiti ya kodi" anataka invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, yenye PIN ya kampuni, sio PIN yake yeye. Ikitoka bila PIN ya mnunuzi, mhasibu wao haioni kwenye ritani ya VAT hata kama mlilipwa mpaka shilingi ya mwisho, na simu zitaanza hapo.

Sasa hesabu. Juzi mwanafunzi kaniletea bili ya usiku 3, kila usiku 11,800 kila kitu ndani, jumla 35,400, yeye kachukua asilimia 16 ya hiyo 35,400 akapata 5,664 akaandika ndio VAT. Sio hivyo bana. Ndani ya ile bei mna VAT asilimia 16 na levi ya utalii asilimia 2, zote zahesabiwa juu ya bei ya chumba tupu, kwa hivyo wagawanya jumla kwa 1.18 kwanza, ndio uandike:

Malazi, usiku 3 x 10,000: 30,000
VAT 16%: 4,800
Levi ya utalii 2%: 600
Jumla: 35,400

Kama mna sarvisi chaji ipeni mstari wake, na hapo kigawanyo si 1.18 tena. Na levi msiichanganye na VAT, yaenda kwa mfuko wa utalii, kampuni haiwezi kuidai kwa KRA kama VAT.

Maelezo ya kampuni yaombeni siku ya buking, sio mgeni ashashika begi anakimbilia SGR Miritini. Meseji fupi yatosha:

"Habari yako. Ili tukuandalie invoisi ya kodi, tafadhali tutumie jina la kampuni kama lilivyo kwenye cheti cha PIN, PIN ya KRA ya kampuni, namba ya LPO kama ipo, na imeili ya mhasibu. Bei uliyopewa ina VAT 16% na levi ya utalii 2% ndani. Ahsante."

PIN ikija iangalie: ina herufi na namba 11 kwa jumla, ya kampuni yaanza na P. Ikianza na A hiyo ni ya mtu, mrudishie kwa upole, wengi hutuma yao bila kujua.

Na kama ishatoka bila PIN? Usiandike kwa kalamu juu ya karatasi, nimeyaona hayo, hata muhuri wamepiga. Ile iliyoko kwenye sistimu haibadiliki kwa kalamu. Toa kredit noti yenye namba ya ile invoisi ya kwanza, kiasi kilekile, halafu toa invoisi mpya yenye PIN, umtumie mhasibu zote mbili. Kabla hujatuma skani kile kimraba cha QR kwa simu yako, uone maelezo ya invoisi yametokea sawa.