Bajeti ya siku za mafunzo kazini: dhana potofu na ukweli wake

Fedha zikipungua, fungu la mafunzo huwa la kwanza kukatwa, na mara nyingi hukatwa kwa sababu aliyelipanga hawezi kueleza fedha hizo zitarudi vipi. Inauma, kwa kuwa kozi iliyochaguliwa vizuri hulipa, na kuionyesha kwa hesabu si kazi ngumu. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Idara ya hesabu ina watu 10. Kila wiki usuluhishi wa hesabu za benki, yaani kulinganisha malipo yaliyoingia na ankara zilizotolewa, unachelewa. Meneja anataka wote 10 wapelekwe kozi ya lahajedwali ya siku 2.

Sitahesabu kwa sarafu yoyote. Nitahesabu kwa siku za kazi: siku moja ni gharama ya kumweka mfanyakazi mmoja kazini kwa saa 8, mshahara wake pamoja na michango anayomlipia mwajiri. Gharama na faida zikipimwa kwa kipimo kimoja, kila mtu mezani anaona kinachotoka na kinachorudi.

Dhana: Gharama ya kozi ni ada ya mkufunzi.

Tuseme mkufunzi anayekuja ofisini anatoza kiasi kinacholingana na siku 12 za kazi. Meneja anaandika 12 kwenye bajeti na kufunga daftari. Lakini watu 10 wakikaa darasani siku 2, hizo ni siku 20 ambazo zinalipwa huku kazi ya kawaida imesimama. Wakirudi mezani wanakuta ankara zimelundikana, na kuzimaliza kwa saa za ziada kunakula nusu siku kwa kila mmoja, jumla siku 5. Halafu yapo mazoezi. Ujuzi mpya haukai bila kutumiwa, kwa hiyo kila mtu anahitaji walau saa 1 kwa wiki kwa wiki 4 za mwanzo, ambazo ni saa 40, yaani siku nyingine 5.

Jumla ni siku 42. Ada ni chini ya theluthi moja yake.

Ukiijua jumla hiyo, unabadili mahali pa kubania matumizi. Ukimbembeleza mkufunzi apunguze ada kwa thamani ya siku 2, umeokoa chini ya asilimia 5. Ukimwondoa kwenye orodha mtu mmoja tu asiyehitaji kozi hiyo, umeokoa siku 3: mbili za darasani, nusu ya viporo na nusu ya mazoezi. Orodha ya wahudhuriaji ndiyo yenye fedha nyingi, na ndiyo watu huipitisha bila kuiangalia mara mbili.

Dhana: Kazi ikienda vibaya, dawa yake ni mafunzo.

Kabla ya kutafuta kozi, jiulize: mtu huyu, akipewa muda na vifaa, angeweza kuifanya kazi hii sawasawa leo hii? Kama angeweza, hakosi ujuzi. Kinachomkwamisha ni kitu kingine: fomu mbovu, idhini inayochelewa, mashine nzito, au maelekezo yanayogongana. Hakuna kozi inayotibu hayo.

Jibu halipatikani kwenye dodoso. Kaa kando ya mtu anayeifanya kazi hiyo, umtazame toka mwanzo hadi mwisho. Katika mfano wetu, karani anatumia saa 3 kwa wiki kwenye usuluhishi. Ukimtazama unaona kwamba saa 1 nzima inakwenda kwenye kuchapa upya taarifa ya benki, mstari kwa mstari, kwa sababu benki inaituma kama picha isiyonakilika. Hapo hapahitajiki mkufunzi. Panahitajika ombi kwa benki itoe taarifa hiyo kama faili la CSV, ambalo lahajedwali hulifungua moja kwa moja. Saa hiyo imeokoka bila darasa, na si haki kuihesabu baadaye kama matunda ya kozi.

Saa 2 zilizobaki anazitumia kutafuta kwa macho, ankara moja baada ya nyingine, ipi imelipwa na ipi bado. Hapa sasa ujuzi ndio unaopungua. Mtu anayejua kuliunganisha jedwali la ankara na jedwali la benki huandika fomula moja na kuiburuta chini:

```
=IFERROR(VLOOKUP(A2,Benki!A:C,3,FALSE),"haijalipwa")
```

Inachukua namba ya ankara iliyo A2, inaitafuta kwenye ukurasa wa Benki, na inarudisha kiasi kilicholipwa au neno "haijalipwa". Inafanya kazi pale tu ambapo namba ya ankara imeandikwa vilevile pande zote mbili, kwa hiyo bado kuna mistari ya kukagua kwa mkono. Tukadirie kwa tahadhari kwamba katika saa 2 hizo, 1 itaokoka. Saa 1 kwa mtu kwa wiki ndiyo faida halisi ya kozi, na ni lazima iwe imeandikwa kabla hujatafuta kozi yenyewe.

Dhana: Haki ni kumpa kila mtu siku sawa za mafunzo.

Katika watu 10 wale, wanaofanya usuluhishi kila wiki ni 4. Wengine 6 wangejifunza fomula ile, wangefurahi, na wangeisahau kwa kuwa hawana pa kuitumia. Haki iko kwenye kumsikiliza kila mmoja kuhusu kazi inayomkwamisha. Siku zenyewe zifuate majibu. Anayehudumia wateja wakali kwa simu ana hitaji lake, na anastahili fungu lake kwa sababu hiyo, si kwa sababu mwenzake amepata.

Sasa tazama hesabu inavyogeuka. Wakienda wote 10, gharama ni siku 42, yaani saa 336. Wanaookoa muda ni 4, saa 1 kila mmoja kwa wiki, kwa hiyo gharama inarudi baada ya wiki 84. Wakifundishwa hao 4 peke yao na mkufunzi yuleyule, ada inabaki 12, muda wa darasani unakuwa siku 8, viporo 2 na mazoezi 2. Jumla ni siku 24, au saa 192, na inarudi baada ya wiki 48. Mwaka wenye likizo na sikukuu tuuhesabu una wiki 46 za kazi, kwa hiyo bado haijatosha.

Chaguo la tatu ni kozi ya wazi inayofanyika mtandaoni, ambayo kila nafasi inalipiwa kivyake. Tuseme nafasi moja ni sawa na siku 1 na nusu. Kwa watu 4 ada ni siku 6, na jumla ni siku 18, yaani saa 144. Inarudi baada ya wiki 36. Kozi ni ileile kwa jina, ila moja inalipa ndani ya mwaka na nyingine inachukua karibu miaka miwili.

Dhana: Asilimia 10 tu ya mafunzo ndiyo hutumika kazini.

Takwimu hii hurudiwa kwenye mikutano mingi kama sheria ya maumbile. Chanzo chake kinachotajwa ni makala ya mwaka 1982 ya Georgenson, na humo haikuwa matokeo ya utafiti wowote. Ilikuwa kauli ya kumfanya msomaji afikiri. Ukweli ni kwamba kiwango hutofautiana sana. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na wasomi Baldwin na Ford mwaka 1988 yaliyapanga mambo yanayokibadili katika mafungu matatu: mwanafunzi mwenyewe, namna kozi ilivyoundwa, na mazingira ya kazi anakorudi. Hilo la tatu liko mikononi mwa meneja kuliko mtu mwingine yeyote.

Badala ya kubahatisha asilimia, geuza swali: ni wangapi lazima wabadilike ili kozi ijilipe? Kwa kozi yetu ya mtandaoni, watu 3 wakiokoa saa 1 kwa wiki kwa wiki 46 wanafikisha saa 138. Gharama ni saa 144. Watatu hawatoshi, lazima wote wanne waitumie. Meneja akishaliona hilo, anajua kwamba siku 2 za mazoezi si za kukatwa. Tena anajua kozi isiwekwe wiki ya kufunga mwezi, wala miezi mitatu kabla data za CSV hazijaanza kuja. Kila mmoja arudi na usuluhishi wa kweli wa kufanya kwa njia mpya wiki ileile, na mkuu wake amruhusu kwenda polepole mara ya kwanza. Kosa ninaloliona zaidi ni hapa: mtu anarudi, anakuta presha ya viporo, anashika njia ya zamani kwa kuwa anaiamini, na ujuzi unakufa ndani ya wiki chache.

Dhana: Fomu nzuri za tathmini zinaonyesha kozi imelipa.

Msomi wa Marekani Donald Kirkpatrick alitenganisha mwaka 1959 hatua nne za kupima mafunzo ambazo bado zinatumika: walivyoipokea kozi, walichojifunza, wanachofanya tofauti kazini, na matokeo kwa taasisi. Fomu ya jioni ya mwisho hugusa hatua ya kwanza tu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 1997 na Alliger na wenzake ulionyesha kwamba kuifurahia kozi hakuhusiani sana na kuitumia. Swali la kama mhudhuriaji ameiona ya manufaa kwa kazi yake lilikuwa bora kidogo.

Kipimo kizuri hapa ni rahisi. Kwa wiki 4 kabla ya kozi, makarani 4 waandike muda wa usuluhishi. Waandike tena kuanzia wiki ya nane baada yake. Kisha ufungue mafaili yao: fomula ipo, au namba zimechapwa kwa mkono? Faili halitoi majibu ya kumpendeza mkuu. Uliza pia saa iliyookoka imekwenda wapi. Kama imeingia kwenye kufuatilia ankara zisizolipwa, imerudisha fedha. Kama imeyeyuka tu, faida bado ni ya kwenye karatasi.

Dhana: Ukiwafundisha, wataondoka.

Wengine wataondoka, kwa kuwa ujuzi wa lahajedwali unauzika popote. Lakini kozi yetu inajilipa baada ya wiki 36. Karani akihama baada ya hapo, ameshairudisha sehemu yake. Hatari ipo kwa anayehama mapema, na njia ya kuipunguza ni kumpa saa 2 za mwezi wa kwanza aandike ukurasa mmoja wa hatua za usuluhishi mpya, wenye fomula ile na mifano ya ankara zilizokataa kulingana, kisha mwenzake aufuate peke yake mpaka amalize bila kuuliza.