Vigae, terazo au saruji tupu: anza na tabaka la chini

Wenye nyumba wengi wanaponiita huwa wameshachagua rangi ya vigae, na wanachotaka kujua ni kama terazo itawafaa zaidi, au kama saruji tupu inatosha kwa sasa. Mimi huanza kwa kuuliza kuhusu tabaka ambalo hawataliona tena wakishahamia: lile la saruji na mchanga linalomwagwa juu ya jamvi la zege. Vigae hulala juu yake. Terazo nayo hulala juu yake. Ukichagua saruji tupu, tabaka hilo ndilo sakafu yenyewe, bila kitu cha kulifunika. Ninafanya aina zote tatu, na sakafu nyingi ninazoitwa kuzikarabati katika nyumba zenye watoto na wageni wengi ziliharibika kwa sababu zilizoanzia hapo chini.

Tabaka lenyewe si gumu kulielewa. Ni sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 3 au 4 za mchanga msafi wenye chembe za kukwaruza, na unene wa milimita 25 hadi 40 ikiwa litashikana na jamvi. Kushikana huko hakuji kwenyewe. Jamvi likiwa laini, lenye vumbi au lenye matone ya plasta ya ukutani, saruji mpya hukaa juu yake bila kuliuma. Kwa hiyo jamvi huchongwachongwa, huoshwa, huachwa na unyevu bila madimbwi, kisha hupakwa uji wa saruji kwa brashi kipande kwa kipande, mchanganyiko ukifuata papo hapo kabla uji haujakauka. Maji nayo yana kipimo chake: ukikamata mchanganyiko kwa ngumi ubaki donge na usitiririke. Tabaka likishashika, lifunikwe kwa nailoni au liloweshwe kwa siku 7. Fundi anayemwagilia asubuhi ya kwanza tu kisha akaondoka amekuachia sakafu dhaifu, hata kama inang'aa.

Udhaifu huo unaonekana mapema zaidi kwenye saruji tupu. Maji yakizidi hupanda juu na kubeba vumbi laini la saruji, na juu panabaki utando usio na nguvu. Mafundi wengine wakiona maji yamejitokeza hunyunyiza saruji kavu ili iyanywe, na hapo utando unazidi kuwa dhaifu. Nyumba tulivu inaweza kuvumilia. Katika nyumba yenye watoto, miguu na viti husaga utando huo kwenye njia zilezile: mlangoni, koridoni, kuzunguka meza ya chakula. Ndipo mtu anadeki kila siku na bado nyayo zinatoka na vumbi la kijivu. Dalili ni rahisi kuijua. Chukua msumari ukwaruze sakafu: ikiwa nzuri, msumari huacha alama nyepesi tu, ikiwa dhaifu, unachimba mfereji na unga unatoka.

Watu wengi hupiga niru juu ili kupata uso laini, na niru nzuri ninaipenda. Ila ipigwe tabaka la chini likiwa bado bichi, iwe nyembamba ya milimita 1 au 2, na isuguliwe kwa mwiko wa chuma mara kadhaa inapoendelea kukaza. Niru ni saruji isiyo na mchanga, na hiyo hunywea zaidi inapokauka. Niru nene, au iliyopigwa juu ya sakafu iliyokwisha kauka, hupasuka nyufa nyembamba kama wavu na baadaye hubanduka vipande vipande. Wakati huo huo sisemi saruji tupu ni sakafu ya muda. Ikifanywa vizuri hukaa miaka mingi, na ina faida moja ambayo nyingine mbili hazina: ukibadili mawazo, uso wake hukwaruzwa na kuwekwa vigae au terazo juu, mradi milango ina nafasi ya kupandishwa.

Vigae huharibika kwa namna nyingine. Uso wa kigae chenyewe ni mgumu, na kikiwa cha daraja sahihi hakichakai haraka. Kwenye boksi la vigae vyenye glezi, yaani utando kama kioo usoni, tafuta alama ya PEI, kipimo cha kustahimili kuchakaa kinachoanzia 0 hadi 5. Koridoni na jikoni usishuke chini ya 4. Epuka pia vigae vya ukutani vilivyowekwa kwenye rundo moja na vya sakafuni. Vya ukutani hunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, ilhali kauri ngumu ya poselini haizidi asilimia 0.5. Geuza kigae, dondoshea maji mgongoni: yakizama mara moja, hicho si cha kukanyagwa na familia nzima.

Tatizo kubwa ni nafasi tupu chini ya kigae. Fundi mwenye haraka huweka madonge matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, kisha anabonyeza. Kwa macho kazi imenyooka. Siku mtoto atakapoangusha mchi au mguu wa kitanda utakapotua palipo wazi, kona inakatika. Gundi inatakiwa isambazwe kwa mwiko wenye meno, na kwa vigae vikubwa ipakwe mgongoni pia. Ninapokagua kazi, huomba kigae kimoja king'olewe mbele yangu gundi ikiwa bado mbichi. Mgongo wote ukiwa umeshika gundi, kazi inaendelea. Ukiwa na madoa makavu, inasimama. Sakafu iliyokwisha kauka unaigonga kwa sarafu: sauti nzito ni salama, sauti ya mwangwi ni pengo.

Kuna na ule mshtuko wa vigae kuinuka ghafla katikati ya sebule, safu mbili zikiegemeana. Watu hudhani msingi umetitia. Mara nyingi vigae vimebanwa tu: vilisukumwa hadi ukutani bila kuachiwa nafasi, tabaka la chini likaendelea kunywea au joto likatanua vigae, na nguvu ikakosa pa kwenda. Acha milimita 5 hadi 10 kuzunguka chumba, zifichwe na ubao au kigae cha ukutani, na kati ya kigae na kigae zisipungue milimita 2. Nunua kama asilimia 10 ya ziada na uihifadhi, maana kundi jingine la uzalishaji huja na rangi tofauti kidogo, na kiraka kitaonekana daima.

Terazo ndiyo ninayoipa nyumba yenye pilika nyingi ikiwa wenyewe wana nia ya kukaa. Ni saruji iliyochanganywa na chembe za mawe, kwa kawaida marumaru, kama sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 2 hadi 2.5 za chembe, ikilazwa kwa unene wa milimita 12 hadi 15 kisha kusagwa kwa mashine. Kwa kuwa jiwe linapita unene wote, mkwaruzo haufichui rangi nyingine kama inavyotokea kwenye glezi ya kigae. Ikififia baada ya miaka, inasagwa tena kwa kuondoa chini ya milimita 1, na uso mpya unatokea.

Lakini haisamehe pale inapokosewa. Ile milia ya shaba, alumini au kioo inayogawa sakafu si pambo tu. Inakata terazo katika vipande vya kama mita 1 kila upande, ili saruji inaponywea ipasuke kwenye mlia na isipasuke katikati. Mtu akikushauri kuiondoa ili upate uso mmoja usiokatika, anakuandalia nyufa, kwa terazo hii ya saruji. Adui mwingine ni asidi. Marumaru na saruji zote huliwa na ndimu, siki na dawa za kusafishia choo, na doa linalobaki si uchafu wa kufutwa: uso umelika. Safisha kwa sabuni isiyo na asidi wala chumvi kali, na upake dawa ya kuziba vitundu.

Kisha kuna kusaga. Mashine huanza na jiwe la kusagia la namba 60 au chini yake, vitundu vinajazwa uji wa saruji, halafu inapita namba 120 na kuendelea. Maji ya tope hufika kila pembe, hivyo kazi hii hufanywa kabla ya rangi ya mwisho na kabla ya milango. Nyumba ambayo watu wameshahamia siishauri terazo, labda wakubali kuhama kwa muda.

Chukua nyumba ya watu saba, bibi akiwa mmoja wao: sebule ya mita 5 kwa 4, korido ya mita 8 kwa 1.2, jiko, bafu na vyumba vitatu. Bado haijahamiwa. Sebule na korido ningeziwekea terazo, kwa kuwa ndiko miguu yote hupita. Jikoni na bafuni vigae, kwa sababu ya ndimu, mafuta na dawa za choo; viwe vya uso usiong'aa, daraja la kutoteleza la R10 au zaidi, na bafuni viwe vidogo, kwa kuwa viungio vingi humsaidia bibi asiteleze. Terazo nayo nisingeisugua hadi kuwa kioo, maana ikilowa huteleza sawa na kigae kinachong'aa. Vyumba vya kulala vinabaki saruji yenye niru.

Sasa hesabu ya tabaka la sebule pekee: mita za mraba 20 kwa unene wa milimita 40 ni mita za ujazo 0.8. Ongeza robo kwa kuwa mchanganyiko hushuka ukishindiliwa, unapata 1. Kwa uwiano wa 1 kwa 4, saruji ni sehemu ya tano, yaani 0.2, karibu kilo 290: mifuko 6 ya kilo 50. Terazo ya juu inahesabiwa peke yake.

Vimo hupangwa kabla ya kumwaga chochote. Terazo itakula milimita 15. Kigae cha milimita 9 na gundi yake ya 5 au 6 vinafika hapohapo, hivyo sebule, korido na jiko vinaweza kuwa na tabaka la kimo kimoja na mlangoni pasiwe na kizingiti cha kumkwaza mtu. Vyumba vya saruji tupu vinamwagwa juu zaidi kwa milimita 15, na bafu hushushwa ili lipate mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Kabla ya gundi ya vigae, bandika kipande cha nailoni sakafuni kwa utepe pande zote na ukiache usiku kucha na mchana wake. Ukikuta matone chini yake asubuhi inayofuata, tabaka bado lina maji, na vigae visubiri.