Barua ya Uhamiaji wa Marekani Inayodai Nyaraka: Namna ya Kuitafsiri Kabla Tarehe Haijapita

Wakazi wengi wa Tanga wanaofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria wakiwa na barua ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, huja na picha ya ukurasa mmoja tu, iliyotumwa kwa WhatsApp na mume au mke aliyeko Marekani. Ukurasa huo peke yake hautoshi. Madai yenyewe, anwani ya kupeleka majibu na onyo la mwisho huwa kwenye kurasa zinazofuata. Mwombeni aliyeko huko apige picha kurasa zote, mbele na nyuma, kabla hamjatafsiri neno.

Tuchukue mfano wa mume mwenye kadi ya kijani aliyejaza fomu I-130 ili mkewe aliyeko Ngamiani amfuate. Barua imeandikwa Februari 9, 2026, na siku ya mwisho imeandikwa 05/07/2026. Wamarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo hiyo ni Mei 7, si Julai 5. Ukiitafsiri kwa mazoea yetu, umempa mke miezi miwili asiyokuwa nayo. Hesabu inathibitisha: muda wa juu kabisa kwa ombi kama hili ni siku 84, na barua ikitumwa kwa posta ndani ya Marekani huongezwa 3. Siku 87 kuanzia Februari 9 zinaishia Mei 7. Katika tafsiri andika jina la mwezi kwa herufi.

Tarehe hiyo ni ya majibu kupokelewa ofisini kwao. Kifurushi kilichotoka Tanga Mei 6 kimechelewa, hata risiti ya posta ikionyesha vinginevyo. Kanuni zao hazimruhusu ofisa kuongeza muda, kwa hiyo barua ya kuomba siku zaidi haisaidii kitu.

Sasa tuje kwenye madai. Katika mfano wetu barua inataka uthibitisho kwamba ndoa ya kwanza ya mke ilivunjika kisheria kabla hajaolewa tena. Mke ana karatasi ya talaka aliyopewa na mtalaka wake mbele ya shehe, na familia hudhani imetosha. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, talaka inayotambuliwa na serikali ni ile iliyotolewa na mahakama. Shauri hupitia kwanza baraza la usuluhishi, kisha mahakama ndiyo inayotoa amri. Kinachotakiwa basi ni nakala ya amri hiyo iliyothibitishwa na mahakama. Kama alikwenda Mahakama ya Mwanzo, arudi masjala akiwa na namba ya shauri, na aende mapema, kwa kuwa jalada la zamani huchukua muda kutafutwa. Kama hakwenda mahakamani kabisa, hilo si suala la tafsiri tena. Ndoa ya pili yenyewe inaweza kuwa na kasoro, na amri itakayotolewa leo haitairekebisha ndoa ya jana. Amwone wakili kabla ya kutuma chochote, na asikubali kamwe karatasi iliyorudishwa tarehe nyuma.

Amri ya Mahakama ya Mwanzo huwa kwa Kiswahili, hivyo lazima iambatane na tafsiri ya Kiingereza ya waraka mzima, pamoja na maneno ya muhuri, maandishi ya pembeni na sahihi. Muhtasari haukubaliki. Chini ya tafsiri, mtafsiri athibitishe mambo mawili: kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba yeye anazimudu lugha zote mbili. Aandike jina na tarehe, kisha atie sahihi. Kanuni haidai muhuri wa wakili kwenye tafsiri. Wapo watu wanaolipa pesa nyingi kwa muhuri huo, halafu sentensi hizo mbili hazipo.

Majibu yote hupelekwa mara moja, barua yao ya asili ikiwa juu. Ukituma nusu ukiahidi nusu nyingine, wataamua kwa hicho walichonacho. Yasipofika kabisa, ombi linaweza kukataliwa kwa kuhesabiwa kuwa limetelekezwa. Uamuzi huo haukatiwi rufaa. Mume anaweza kuomba shauri lifunguliwe upya kwa sababu chache zilizotajwa kwenye kanuni, mathalani barua ilipelekwa kwenye anwani isiyo yake ilhali alishawaarifu kwamba amehama.

Anaweza pia kuomba upya na kulipa ada tena, lakini hapo ndipo mke wa mwenye kadi ya kijani anapoumia zaidi. Nafasi yake kwenye foleni ya viza huhesabiwa tangu siku ombi lilipopokelewa, na tarehe ya ombi lililotelekezwa haihamishiwi kwenye ombi jipya. Kama ombi la kwanza lilipokelewa mwaka 2024, miaka hiyo ya kusubiri imepotea na anaanzia mkiani.