Namba moja si mteja mmoja: makosa ya kuhesabu wateja wanaorudi

Mwenye duka la madera na mitandio Kariakoo alinipigia akilalamika kwamba wateja wake hawarudi. Anauza kwa WhatsApp na kwa tovuti, anatuma mzigo kwa bodaboda mjini na kwa basi mikoani. Kijana wake wa hesabu amemwambia ni mteja mmoja kati ya watano tu ndiye hununua mara ya pili. Nikamuuliza wamehesabuje. "Kwa namba ya simu, kaka. Siku hizi laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, namba haidanganyi."

Jibu hilo nimeshalisikia mara nyingi mno mwaka huu, na nimechoka kulijibu kwa mdomo.

"Namba moja ya simu ni mteja mmoja"

Usajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA unasema laini fulani imeandikishwa kwa jina la nani. Hausemi mtu huyo ana laini ngapi, wala nani alikuwa ameshika simu siku oda inawekwa. Nusu ya watu ninaowajua wana simu ya laini mbili: moja ya bando, nyingine ya kupokelea pesa. Leo mtu anaagiza kwa ile, mwezi ujao kwa hii, na kwenye faili lako amezaliwa mteja mpya. Na kinyume chake kipo: dada anaagiza kwa simu ya jirani, mapokezi wa ofisi anaacha namba yake kwa mizigo ya wafanyakazi wote.

Nilichukua oda saba tu kutoka kwenye faili lile, nikabadilisha majina, nikamwonyesha. Mwanahamisi ameagiza Januari kwa namba inayoishia 417, bila barua pepe. Februari kuna "Mama Rayyan", namba inayoishia 882, yenye anwani ya jimeili. Aprili Mwanahamisi tena, namba ile ya 417, ila safari hii ameandika na barua pepe, na ni ileile ya Mama Rayyan. Halafu Neema mara mbili, namba tofauti, barua pepe moja ikiwa `neema.k` na nyingine `neemak`, zote za Gmail. Kisha Salha, aliyeagiza kwa 417 lakini ana barua pepe yake na mzigo wake umekwenda Tanga. Mwisho Joyce, mara moja.

Ukihesabu kwa simu, 417 imenunua mara tatu, na namba nyingine nne mara moja moja. Wateja watano, aliyerudi mmoja: asilimia 20. Ndiyo hesabu ya yule kijana.

Sasa soma oda zenyewe. Oda ya Aprili ni daraja: ina simu ya Januari na barua pepe ya Februari, kwa hiyo Mwanahamisi na Mama Rayyan ni mtu mmoja aliyenunua mara tatu. Gmail haijali nukta zilizo kabla ya `@`, kwa hiyo Neema wote wawili sanduku lao la barua ni moja. Salha ni mtu mwingine: jina, barua pepe na mji vyote tofauti, simu tu ndiyo ya kuazima. Wateja ni wanne, na wawili wamerudi. Asilimia 50.

Ukijitia ukali ukaunganisha kila kinachogusana, Salha anamezwa na Mwanahamisi. Unabaki na wateja watatu, wawili wamerudi, asilimia 66 na ushee. Oda ni zilezile saba, na majibu ni matatu. Duka halijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni jinsi ulivyoamua nani ni nani.

Ndiyo maana nasema usihesabu kabla ya kuunganisha, na usiunganishe kwa kitu kimoja. Fuata simu na barua pepe kwa pamoja, uruke kutoka rekodi moja hadi nyingine kupitia kile zinachoshirikiana, mpaka usipate daraja jingine. Kundi lote lililofungamana ndilo mteja mmoja wa kudhaniwa. Nasema wa kudhaniwa kwa sababu huko kufungamana ndiko kunakoleta balaa.

Duka jingine nililowahi kulifanyia kazi, mashine ya malipo ilikuwa hairuhusu kupita bila barua pepe. Wahudumu nao wana foleni mbele yao, wakawa wanajaza barua pepe ya duka lenyewe kwa kila mteja asiyekuwa nayo. Nilipounganisha, nikapata "mteja" mmoja mwenye mamia ya oda na majina ya nchi nzima. Lile kubwa nililiona mara moja. Lililonisumbua ni kwamba lilikuwa limeburuta na watu halali: mtu mwenye barua pepe yake nzuri, siku moja tu mhudumu alimwandikia ya duka, basi historia yake yote ikaingia kwenye lile kapu.

Kwa hiyo kabla ya kuunganisha, tafuta namba na barua pepe zinazobeba watu wengi mno. Swali lenyewe ni fupi:

```sql
SELECT simu, COUNT(DISTINCT jina) AS majina
FROM oda
GROUP BY simu
HAVING COUNT(DISTINCT jina) >= 3
ORDER BY majina DESC;
```

Rudia hivyohivyo kwa barua pepe. Itakayotokea juu kabisa huwa ni namba ya duka, ya wakala, ya bodaboda wenu au ya mapokezi. Hizo usizifute kwenye oda, ila zisitumike kama daraja. Hiyo tatu si sheria, "Asha", "Asha J." na "Asha Juma" nao watahesabiwa majina matatu, kwa hiyo yasome kwa macho kabla ya kuamua.

Kuna na laini zilizolala. Mtu akiacha laini bila kuitumia muda mrefu, kampuni huitoa kwa mtu mwingine. Simu ileile ikirudi baada ya mwaka na zaidi, ikiwa na jina jipya na barua pepe mpya, mimi naiacha kama mtu mwingine. Nitakosea mara chache, lakini afadhali hivyo kuliko kumpa mgeni historia ya mtu asiyemjua.

"Namba zikifanana Excel itazikuta yenyewe"

Haitazikuta. Kwake `0712…`, `712…`, `+255 712…` na `255712…` ni vitu vinne. Sifuri ya mbele huliwa mara faili linapofunguliwa na namba kuchukuliwa kama tarakimu. Kwanza ziweke sawa kwa kuchukua tarakimu tisa za mwisho:

```
="255"&RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2," ",""),"-",""),9)
```

Mitego miwili. Kenya na Uganda nazo zina tarakimu tisa baada ya msimbo wa nchi, kwa hiyo ukiwa na wateja wa Mombasa fomula hii itawafanya Watanzania, na inaweza kuwagonganisha na mtu wa Mwanza. Zilizoanza na 254 au 256 zitenge kwanza. Mtego wa pili ni namba iliyogeuka `2.55712E+11`. Ikiwa bado iko ndani ya seli kama tarakimu, badilisha muundo wa seli uwe Number bila desimali, utaiona nzima. Lakini mtu akishahifadhi faili kama CSV ikiwa katika sura hiyo, tarakimu za nyuma zimekwenda na hakuna fomula ya kuzirudisha. Rudi kwenye faili la asili.

"Basi bonyeza Remove Duplicates"

Hapa ndipo huwa napandisha sauti. Kitufe kile hakiunganishi chochote, kinafuta. Ukikiambia kiangalie kolamu ya simu, kinabakiza mstari wa kwanza wa kila namba na kutupa iliyobaki, na iliyobaki ndiyo manunuzi ya pili na ya tatu uliyokuwa unayatafuta. Nimeona ripoti ya "wateja wanaorudi" iliyotengenezwa baada ya kitufe hicho. Kila mteja alikuwa amenunua mara moja, na mwandishi wake alikuwa na wasiwasi wa kweli kuhusu biashara.

Oda usiziguse. Tengeneza jedwali dogo la pembeni lenye kolamu mbili: namba ya rekodi ya zamani na `mteja_id` mpya. Rekodi tatu za Mwanahamisi zote zinaelekea kwa `mteja_id` mmoja. Ukigundua kesho kwamba umekosea, unabadilisha mstari mmoja na hesabu inajirekebisha. Mimi huongeza kolamu ya tatu, ya sababu: "simu", "barua pepe", "vyote". Siku bosi anauliza kwa nini Mama Rayyan amepotea, una jibu.

"Majina yakifanana ni mtu mmoja"

Pwani yote hii, Fatma Ali wako wangapi? Na Mohamed mmoja ataandikwa Muhammad, Mohammed na Moody kwa mwaka mmoja. Jina litumie kukataa muungano au kuuthibitisha, kama nilivyofanya kwa Salha. Lisianzishe muungano peke yake.

"Rekodi zikishaungana, oda mbili ni mteja aliyerudi"

Siyo lazima. Kuunganisha kunafichua uchafu uliokuwa umejificha. Mtu analipa kwa laini ya kwanza, malipo yanakwama, anarudia kwa laini ya pili. Zamani walikuwa watu wawili, sasa ni mteja mmoja mwaminifu mwenye "oda mbili" zilizopishana dakika nne. Toa oda zilizofutwa na zisizolipwa kabla ya kuhesabu. Na aliyenunua dera asubuhi, jioni akakumbuka mtandio, mimi namhesabu mara moja: natumia siku tofauti za manunuzi, si idadi ya oda. Kama duka lako ni la vyakula huenda ukaamua vingine, ila amua kabla ya kuona jibu.

"Sasa tumepata namba kamili"

Hapana. Mtu aliyeagiza mara mbili kwa laini mbili tofauti, bila barua pepe, kwa majina mawili, hana daraja lolote, na ataendelea kuonekana watu wawili. Wa namna hiyo huishusha asilimia ya wanaorudi chini ya ilivyo. Waliounganishwa kimakosa huipandisha, na hao angalau unaweza kuwapima: chukua makundi hamsini bila kuchagua, pamoja na yale kumi makubwa kuliko yote, uyasome moja moja na mtu wa dukani anayewajua wateja. Yule kijana wa Kariakoo alikaa na muuzaji wao mchana mmoja. Muuzaji alipofika kwa Salha alicheka: "Huyu ni shemeji yake Mwanahamisi, simu yake ilikuwa imeharibika."