Kuka ana miaka 117 kweli? Maswali kutoka Bungoma

Kitambulisho cha kuka wetu, yaani babu yetu, kinasema alizaliwa 1908. Majirani wanakuja kumuuliza siri, naye anawaambia ni mrenda na maziwa lala. Tuamini?

Mrenda uleni, ni mboga nzuri. Huo mwaka ndio unaonipa shaka. Wazee wengi wa rika lake hawakuandikishwa walipozaliwa. Walipofika kuchukua kitambulisho, karani alimtazama mtu usoni, akauliza "ulikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa vita?", akaandika tarakimu. Kosa la miaka kumi au kumi na tano hapo si ajabu.

Bahati nzuri Wabukusu mna kalenda ambayo karani hakuwa nayo. Kalenda hiyo ni rika ambalo mtu alitahiriwa nalo. Umeniandikia kwamba la kuka ni Kinyikeu, na Kinyikeu walitahiriwa kati ya 1936 na 1946, kila mwaka wa pili. Angezaliwa 1908, angetahiriwa akiwa na miaka 28 kwa uchache, mwanamume mzima katikati ya vijana. Tukisema alikuwa na 15 hivi, basi alizaliwa kati ya 1921 na 1931. Sasa tazama kifungua mimba wake, wa 1952: kwa hesabu ya kitambulisho alimpata akiwa na 44, kwa hesabu ya rika akiwa baina ya 21 na 31. Ipi inaingia akilini? Kuka wako ana miaka tisini na kitu, pengine mia na kidogo. Ni umri mkubwa bado.



Lakini kuna vijiji vinavyojulikana duniani kwa wazee wa zaidi ya miaka mia. Huko nako ni uongo?

Uongo ni neno kali. Kijiji cha Vilcabamba, Ecuador, kilisifiwa hivyo miaka ya 1970, hadi watafiti Mazess na Forman walipopekua vitabu vya ubatizo. Hawakumpata hata mmoja aliyefika mia. Mkubwa kabisa alikuwa na 96, na waliojitaja kuwa wamepita mia walikuwa na wastani wa 86. Watu walirithishana majina, basi cheti cha ami kikasomwa kama cha mpwa. Na uzee ukiwa na heshima, miaka huongezeka yenyewe.

Jirani ameacha vidonge vya presha ili afuate chakula cha kuka. Kuna ubaya?

Upo. Muulize kuka ndugu zake wa tumbo moja wako wapi. Walikula mrenda uleule wa chungu kimoja, na huenda wengi wamezikwa zamani. Hao hakuna anayewauliza siri. Presha haiumi, ndiyo maana jirani anajiona mzima hadi kiharusi kinapompiga. Arudi kliniki wiki hii apimwe, na aseme wazi ni siku ngapi amekaa bila dawa.