Kuzuia presha ya boila isipande bila kuzima kontrola ya kawaida

Watu wengi wakisikia presha ya boila imepanda wanafikiria kuzima tu, kichomeo kinakatwa, mvuke unakosekana, halafu kuwasha tena ni shughuli nyingine. Kuna njia ya katikati: kontrola mbili zinatoa amri kwa moto mmoja, na selekta inachagua iliyo ndogo.

Tuchukue mfano. Kontrola ya kwanza inashika presha ya heda, yani bomba kuu linalogawa mvuke, kwenye 9 bar. Ikishuka inaongeza moto, ikipanda inapunguza, hiyo ndo kazi ya kila siku. Ya pili inaangalia dramu ya boila yenyewe, yani tangi ambamo mvuke unakusanyika, setipointi yake 11 bar, na valvu ya usalama imesetiwa ifunguke kwa 12. Siku ya kawaida dramu iko 9.4 na moto uko asilimia 60, kontrola ya pili haina cha kufanya.

Sasa mtu kafunga nusu ile valvu kati ya boila na heda. Heda inashuka, kontrola ya kwanza inaona mvuke hautoshi, inaongeza moto, lakini mvuke hauna pa kutokea kwa hiyo dramu inapanda tu. Kontrola ya heda haina hatia, inafanya ilichoambiwa, ila haioni dramu. Hapo ndo amri ya dramu inatakiwa iwe ndogo kuliko ya heda na selekta iichukue.

Na hapa ndo nimeona mifumo mingi ikiharibika. Kontrola ya PI, yani inayojibu kosa la sasa na pia kulijumlisha kadiri muda unavyokwenda, ikiwa haijachaguliwa inaendelea kujumlisha kosa, yani tofauti ya setipointi na presha, kwa sababu dramu iko chini ya setipointi muda wote, basi sehemu yake ya jumla inapanda mpaka inagota 100 na kukaa huko. Tuseme nguvu yake ni asilimia 25 kwa kila bar. Dramu ikifika 11 kosa ni sifuri lakini amri bado ni 100, na ili ishuke hadi 60 kwa nguvu hiyo peke yake inahitaji presha ivuke kwa 1.6 bar, yani 12.6. Ile jumla itasaidia kushuka kidogo, sawa, ila taratibu sana, na valvu ya usalama inakuwa imeshafunguka kitambo.

Dawa yake ni kuilisha sehemu ya jumla, hapa chini inaitwa BIAS, na amri iliyochaguliwa kweli, siyo amri ya kontrola yenyewe:

```
OUT = min(OUT_HEDA, OUT_DRAMU)
BIAS = BIAS + (dt/Ti) * (OUT - BIAS)
OUT_DRAMU = 25 * (11 - P_DRAMU) + BIAS
```

Hapo dt ni muda kati ya hesabu moja na nyingine, Ti ni muda wa jumla wa kontrola. Angalia inavyofanya. Dramu ikiwa 9.4, kosa ni 1.6 bar, mara 25 ni 40, jumlisha 60 unapata 100, iko mbali haisumbui. Dramu ikifika 10.6 inabaki 10 tu juu ya BIAS. Kama heda imeshapandisha amri haraka hadi 80 na BIAS iko nyuma kwenye 70, basi amri ya dramu ni 80, inashika usukani papo hapo, 0.4 bar kabla ya setipointi. Moto ukipanda kwa kasi inaingia mapema, ukipanda polepole inaingia karibu na 11, na mimi naupenda sana huu mpango kwa sababu hiyo. Kontrola ya heda nayo ifungwe hivyo hivyo, na BIAS yake, la sivyo valvu ikifunguliwa tena heda itapitiliza.

Selekta iwekwe kwenye amri ya moto kabla haijagawanywa kwenda mafuta na hewa, usiiweke kwenye valvu ya mafuta peke yake, maana uwiano wa hewa utavurugika. Na kuna kikomo: kichomeo kina moto wa chini kabisa, ukifika hapo na mvuke bado hautoki, presha itaendelea kupanda tu. Ndo maana swichi ya kukata moto kwa presha kubwa na valvu ya usalama zinabaki pale pale, na swichi isitumie transmita moja na kontrola, kwa sababu transmita ikisoma chini vyote viwili vinakuwa vipofu kwa pamoja.

Kupima ni rahisi, boila ikiwa imetulia shusha setipointi ya dramu taratibu kutoka 11 ukiangalia amri zote mbili kwenye trendi. Inatakiwa zikutane kwenye 60 setipointi ikifika karibu 9.4, bila kuruka. Kama umeshapita hapo na amri ya dramu bado iko tisini na kitu, jumla imelundikana, usiiachie boila kazi mpaka BIAS irekebishwe.